Kampuni haikukati chochote, sasa inakula wapi? Hesabu ya cha juu kwenye odi za pande mbili

Kibubu Kavu

Wakuu, nina swali la hesabu, si la timu. Wenye mikeka ya leo, jukwaa lenu mnalijua.

Nikiweka dau la 100 kwenye odi 1.90 nikashinda, naingiziwa 190 kamili. Nikikosa, 100 imekwenda. Nimepekua historia ya akaunti juu hadi chini: hakuna mstari wa ada, hakuna kamisheni, hakuna kilichokatwa. Kodi naiweka kando, hiyo ni ya serikali. Kampuni inalipa wafanyakazi, inalipa matangazo, inadhamini timu, na kwangu haikati kitu. Jibu la "inakula hela za wanaokosa" sitaki, maana hela za wanaokosa ndizo zinazolipa wanaopata. Nataka kujua fungu lake yenyewe liko wapi.

Tuanze na soko dogo kabisa, la pande mbili tu. Tenisi, hakuna sare. Mchezaji mmoja amepewa 1.25, mpinzani wake 3.75. Cha juu cha kampuni hapo ni kiasi gani, na kimekaa upande upi?

Jicho la Tatu

Rahisi sana mkuu. Kila odi igeuze kuwa asilimia kwa kugawanya 1 kwa hiyo odi. 1.25 inatoa 80. 3.75 inatoa 26.67. Jumlisha unapata 106.67. Mechi moja haiwezi kuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 100, kwa hiyo ile 6.67 iliyozidi ndiyo faida ya kampuni. Kila 100 unayoweka, wanabaki na 6.67. Uzi ufungwe.

Mzee wa Vigawanyo

Usiufunge bado, Jicho. Njia umeishika vizuri, ila umepitiliza kituo.

Kibubu, chukua mtu mmoja asiyejali nani atashinda. Anataka tu, yeyote akishinda, mkononi arudi na 100 kamili. Kwa mchezaji wa 1.25 itambidi aweke 80, kwa sababu 80 mara 1.25 ni 100. Kwa mchezaji wa 3.75 itambidi aweke 26.67, kwa sababu hiyo mara 3.75 nayo ni 100. Ametoa 106.67 mfukoni. Mechi imeisha, na vyovyote ilivyoisha amelipwa 100. Kampuni imebaki na 6.67 bila kujali matokeo. Hapo ndipo fungu lake lilipo: ndani ya bei zenyewe, kabla mpira haujarushwa. Ndiyo maana huoni mstari wowote kwenye historia yako. Hukatwi baada ya kushinda; umeuziwa ushindi kwa bei iliyokwishapandishwa.

Sasa uliza: 6.67 hiyo imetoka katika kiasi gani? Imetoka katika 106.67 iliyoingia, si katika 100 iliyotoka. Gawanya 6.67 kwa 106.67 upate asilimia 6.25. Hiyo ndiyo sehemu ya kila dau inayobaki kwa kampuni. Namba ya Jicho, 6.67, ni ziada juu ya malipo. Zote mbili zinatumika, na watu wanazichanganya kila siku, halafu wanalinganisha kampuni moja kwa namba hii na nyingine kwa namba ile.

Kwa soko la pande mbili huna haja hata ya kutafuta asilimia. Zidisha odi mbili, gawanya kwa jumla yake:

```
marejesho = A*B / (A+B)
cha_juu   = 1 - marejesho
```

1.25 mara 3.75 ni 4.6875. Jumla ya odi ni 5. Gawanya, 0.9375. Kwa hiyo katika kila 100 inayoingia, 93.75 inarudi kwa wachezaji na 6.25 inabaki.

Kibubu Kavu

Mzee, heshima yako. Nimejaribu na ile 1.90 kwa 1.90: 3.61 gawanya kwa 3.80, inakuja 0.95. Yaani wanabaki na 5. Na kwa njia ya Jicho ingekuwa 5.26. Nimeelewa tofauti.

Lakini nina kitu kinanisumbua. Hiyo ni kwa mtu anayeweka pande zote mbili, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya hivyo. Mimi naweka upande mmoja tu. Kwangu mimi hiyo 5 inanigusaje?

Mzee wa Vigawanyo

Inakugusa kwenye mara ngapi unatakiwa upatie. Mechi ya nguvu sawa, sarafu hewani, odi yake bila cha juu ni 2.00. Kwa 2.00 ukipatia nusu ya mechi unatoka sare. Kwa 1.90 nusu haitoshi. Gawanya 1 kwa 1.90, utaona unatakiwa upatie asilimia 52.63 ili tu usipoteze. Hizo 2.63 za ziada ni kazi unayoifanyia kampuni kabla hujaanza kujifanyia wewe.

Kijana wa Benchi

Mimi nawashangaa mnajichosha. Si amesema mwenyewe hapo juu 1.25 ni asilimia 80? Basi weka kwenye 1.25 kila siku, mechi nane katika kumi unashinda. Mimi hucheza 1.25 tu na mara nyingi inatiki.

Zuhura wa Namba

Kijana, hukusomwa vibaya, umesoma vibaya wewe. 80 si nafasi ya mchezaji kushinda. Ni bei yake. Cha juu kimo humo humo ndani ya hiyo 80.

Ukishinda nane katika kumi kwa 1.25, umeweka 100 mara kumi, yaani 1,000, na umelipwa 125 mara nane, yaani 1,000. Umetoka kapa. Sasa kama nafasi yake ya kweli ni 75, kwenye mechi mia unashinda 75, unalipwa 9,375 kwa 10,000 uliyotoa. "Mara nyingi inatiki" na "napoteza" ni sentensi mbili zinazoishi nyumba moja bila kugombana.

Kijana wa Benchi

Sasa hiyo 75 umeitoa wapi dada? Umeiota?

Zuhura wa Namba

Swali zuri kuliko ulivyokusudia, na ndilo nililokuwa nasubiri mtu aulize. Nitalirudia chini, ngoja nimalize kazi za watu.

Mkeka Umechanika

Wakuu nyie mnaongelea 5 na 6, mimi nimekutana na wizi wa mchana kweupe. Mechi ya mpira, nimefuata fomula ya mzee neno kwa neno. Ova 2.5 ni 1.85. Anda 3.5 ni 1.40. Nimegeuza: 54.05 na 71.43. Jumla 125.48! Yaani ziada ya asilimia 25! Kampuni yenyewe siitaji lakini nimeshaandika malalamiko marefu. Hii ni halali kweli?

Jicho la Tatu

Kaka, umeshayatuma hayo malalamiko?

Mkeka Umechanika

Bado, nilikuwa nataka kwanza muyapitie.

Mzee wa Vigawanyo

Yafute, ndugu yangu. Hizo si pande mbili za soko moja. Mabao yakiwa matatu kamili, ova 2.5 inashinda na anda 3.5 inashinda. Matokeo hayo umeyahesabu mara mbili, ndiyo maana jumla imefura. Fomula inataka pande mbili ambazo moja ikishinda nyingine lazima ishindwe, na hakuna matokeo ya tatu pembeni. Ova 2.5 mwenzake ni anda 2.5 tu, na ziwe zimechukuliwa kampuni moja, dakika ile ile.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo lina madhara zaidi. Mtu anachukua ova 3.5 kwa 2.90 na anda 2.5 kwa 1.95. Akigeuza anapata 34.48 na 51.28, jumla 85.76. Anaona pungufu ya 100, anaruka juu: kampuni imekosea, nikiweka kote nimepata! Mabao matatu yanaingia na anapoteza pande zote mbili. Hiyo iliyopungua haikuwa zawadi, ilikuwa nafasi ya mabao matatu ambayo hakuinunua.

Kwa hiyo jumla ikitoka chini ya 100 ndani ya kampuni moja, kabla ya kusherehekea, tafuta matokeo uliyoyaacha nje. Ikitoka kubwa kupita kiasi, tafuta uliyoyahesabu mara mbili. Ushindi wa nyumbani na ushindi wa ugenini bila sare nao ni mtego ule ule.

Mkeka Umechanika

Nimefuta. Asante mzee. Na hizi za mstari kamili, ova 3 na anda 3, ambazo yakiwa matatu unarudishiwa dau? Hapo kuna matokeo ya tatu, si ndiyo? Au nayo fomula inakataa?

Zuhura wa Namba

Hapo fomula inafanya kazi, ila jibu lake uliweke mahali pake. Tuseme zote mbili ni 1.90. Fomula inasema 5. Hiyo ni 5 ya madau yaliyoamuliwa, yale yaliyoshinda au kushindwa. Dau lililorudishwa kampuni haijapata kitu. Kama nafasi ya mabao matatu kamili ni moja ya tano, basi katika kila 100 unayoweka, 20 hurudi kama ilivyokwenda, na cha juu kinakaa kwenye 80 iliyobaki. Asilimia 5 ya 80 ni 4. Kwa hiyo 1.90 kwa 1.90 kwenye mstari wa 3 inakugharimu pungufu kwa kila dau kuliko 1.90 kwa 1.90 kwenye mstari wa 2.5, ingawa kwenye skrini zinafanana kama mapacha.

Jicho la Tatu

Kuhusu ile 6.25 nimekubali. Lakini naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Hiyo faida kampuni inaipata tu endapo imesawazisha madau. Yaani watu wakimwaga hela upande mmoja, kampuni iko hatarini, na ndiyo maana inabadilisha odi kuwavuta watu upande wa pili. Bila kusawazisha, cha juu ni namba ya kwenye karatasi.

Mzee wa Vigawanyo

Nusu ya hilo ni kweli, na ndiyo nusu inayopendwa kusimuliwa. Tulipime.

Odi 1.90 kwa 1.90, mechi ya nguvu sawa kweli. Imeingia 1,000, lakini 700 iko upande wa kwanza na 300 upande wa pili. Haijasawazishwa hata kidogo. Upande wa kwanza ukishinda, kampuni inalipa 700 mara 1.90, yaani 1,330. Imepoteza 330. Upande wa pili ukishinda inalipa 570, imebaki na 430. Nafasi ni nusu kwa nusu, kwa hiyo wastani wake ni nusu ya 430 kutoa nusu ya 330. Hiyo ni 50. Na 50 katika 1,000 ni asilimia 5 ile ile.

Kusawazisha kunapunguza mtikisiko wa siku moja. Hakuongezi wastani. Kampuni yenye mechi nyingi inaweza kuvumilia mtikisiko, na nyingine huacha madau yaelemee makusudi ikiwa inaamini bei yake kuliko inavyoamini wateja.

Palipo na hatari ya kweli ni bei ikikosewa. Tuseme upande wa kwanza nafasi yake ni 55 na kampuni bado imeuza 1.90. Anayeweka hapo anarudishiwa kwa wastani 104.50 kwa kila 100. Kampuni inapoteza kwake 4.50, na kwa yule wa upande wa pili inapata 14.50. Hesabu ya cha juu bado inasoma 5, kwa sababu inapima bei dhidi ya bei. Haijui lolote kuhusu ukweli wa uwanjani.

Jicho la Tatu

Sawa, hapo umenipa kitu cha kulala nacho. Lakini odi zinabadilika kufuata madau, hilo hulikatai.

Mzee wa Vigawanyo

Silikatai. Zinabadilika kufuata madau, hasa ya watu ambao kampuni inawaheshimu, na zinabadilika kufuata habari. Nilichokataa ni neno "tu".

Kibubu Kavu

Kuhusu kubadilika. Kuna soko nilikuwa nalitazama, lilianza 1.90 kwa 1.90, likahamia 1.70 kwa 2.10. Nikajiambia wametoa 20 huku wakaongeza 20 kule, jumla ya odi bado 3.80, hakuna kilichobadilika. Ila nikiingiza kwenye fomula ya mzee inatoka tofauti. Nimekosea wapi?

Zuhura wa Namba

Fomula yako iko sawa. 1.70 mara 2.10 ni 3.57, gawanya kwa 3.80 unapata 0.9395. Cha juu kimepanda kutoka 5 hadi karibu 6.05, na hakuna aliyekitangaza.

Angalia kilichofanyika: jumla haikubadilika lakini zao la kuzidisha lilishuka, kutoka 3.61 hadi 3.57. Jumla ikibaki ile ile, kadiri odi mbili zinavyoachana ndivyo zao linavyopungua na cha juu kinavyonenepa. Macho yanahesabu hatua, 20 kushoto na 20 kulia, na yanaona haki. Lakini hatua ya 0.20 kwenye odi ndogo ni kubwa kuliko hatua ya 0.20 kwenye odi kubwa. Kama wangetaka kubaki kwenye 5, walipoishusha ile moja hadi 1.70, nyingine ilitakiwa ipande hadi kama 2.15. Hizo pointi tano za mwisho ndizo zilizobaki mezani kwao.

Sisemi ni hila kila mara. Kampuni nyingi zinapanua cha juu zikiwa na mashaka na bei, kwa mfano habari za majeruhi zikiwa hazijatulia au mechi ikiwa inaendelea. Ila ukiwa na jedwali la kompyuta, odi mbili zikiwa kwenye A2 na B2, utaliona mara moja:

```
=1-A2*B2/(A2+B2)
```

Mkeka Umechanika

Sasa mimi mwenye mikeka ya mechi kumi, cha juu kinajumlishwa au vipi? 5 mara 10 ni 50?

Mzee wa Vigawanyo

Marejesho yanazidishwa, hayajumlishwi. Mechi kumi za 1.90, kila moja inarudisha 0.95, basi 0.95 izidishe yenyewe mara kumi. Inatoka 0.5987. Kampuni inabaki na 40 na kitu kwa kila 100 ya mkeka wako. Si 50, lakini jina lako umelichagua vizuri.

Kijana wa Benchi

😂😂 mzee hana huruma

Dada Zuhura, ile 75 yangu vipi? Uliahidi.

Zuhura wa Namba

Nimekuja nayo. Na Kibubu aliuliza hili tangu mwanzo, cha juu kimekaa upande upi, watu wakalipita.

Tunajua 1.25 na 3.75 zinatoa 80 na 26.67, jumla 106.67. Tunajua kuna 6.67 ya kuondoa ili zibaki 100. Tusichojua ni kuiondoa wapi. Njia inayofundishwa kila mahali ni kugawanya kila moja kwa jumla. 80 kwa 106.67 ni 75. 26.67 kwa 106.67 ni 25. Hapo ndipo 75 yangu ilipotoka. Odi safi zingekuwa 1.33 na 4.00, na kila mchezaji, awe wa upande wa mwenye nguvu au wa mnyonge, anapoteza 6.25 ile ile kwa kila 100.

Njia ya pili inaondoa kiasi sawa kila upande. Nusu ya 6.67 ni 3.33. Unabaki na 76.67 na 23.33, yaani odi safi za kama 1.30 na 4.29. Jumla bado ni 100, na cha juu cha soko zima bado ni 6.25. Ila tazama nani anakilipa. Anayeweka kwenye 1.25 anarudishiwa 95.83 kwa kila 100, amepoteza 4.17. Anayeweka kwenye 3.75 anarudishiwa 87.50. Amepoteza 12.50, mara tatu ya mwenzake, kwenye soko moja, kampuni moja, na namba moja ya cha juu.

Mimi naamini njia ya pili iko karibu zaidi na ukweli kwenye odi zilizoachana kama hizi. Kuwapa wanyonge odi ndogo kuliko haki yao ni jambo lililoonekana zamani. Mtafiti Griffith aliliandika mwaka 1949 kwa mbio za farasi za Marekani, na limerudiwa kuonekana sana baadaye. Mwanauchumi Hyun Song Shin, miaka ya mwanzo ya 1990, alieleza sababu mojawapo: muuza odi anajilinda dhidi ya watu wenye habari za ndani, na mnyonge ndiko wanakoweza kumuumiza zaidi. Njia yake ya kusafisha odi ni ndefu, lakini soko likiwa la pande mbili tu inaleta jibu lile lile la kuondoa sawa kwa sawa.

Mzee wa Vigawanyo

Zuhura, hesabu yako siipingi, imani yako ndiyo naiwekea mkono. Farasi si tenisi, na soko la wachezaji kumi na wawili si soko la wawili. Kuna michezo ambayo tabia hiyo imeonekana hafifu, na mingine imeonekana kinyume. Wewe umeichukua ukaivalisha mechi ya Kibubu.

Kutoka kwenye odi mbili za kampuni moja huwezi kujua cha juu kimegawanywaje. Namba ni mbili, na unachotafuta ni nafasi ya kweli na mgawanyo. Cha juu cha jumla unakipata kwa uhakika. Mgawanyo lazima uudhanie, kisha uuseme kuwa ni dhana.

Zuhura wa Namba

Kutoka kampuni moja, nakubali. Ndiyo maana naangalia soko la kubadilishana, kama lile la Betfair lililoanza 2000, ambako wachezaji wanauziana wenyewe na kamisheni inakatwa wazi kwenye ushindi. Huko jumla hukaribia 100 kwenye mechi kubwa. Tuseme kule mechi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, inauzwa 1.31 na 4.20. Geuza: 76.34 na 23.81, jumla 100.15. Imelala karibu na 76.67 yangu kuliko 75 ya darasani.

Mzee wa Vigawanyo

"Tuseme" ndilo linalobeba mzigo wote hapo. Na hata ikiwa hivyo, umeonyesha soko moja linakubaliana nawe. Wachezaji wa kule nao wanaweza kuwa na upendeleo wao.

Jicho la Tatu

Kwa nini tusiipime wenyewe? Kibubu akusanye mechi za 3.75, tuone wanyonge wanarudisha ngapi. Ikiwa 93 na kitu, mzee kashinda. Ikiwa 87, Zuhura.

Zuhura wa Namba

Wazo ni sahihi, ila mjue ukubwa wa kazi. Kwenye odi ya 3.75 matokeo ni ama 375 ama sifuri, yanarukaruka sana. Mtawanyiko wa dau moja ni kama 160 kwa kila 100. Tunataka kutenganisha hasara ya 6.25 na hasara ya 12.50. Ili tofauti hiyo ionekane wazi kuliko kelele, kwa kipimo cha kawaida cha mara mbili ya kosa la wastani, zinatakiwa mechi kama 2,600. Zote za odi za karibu hapo, na zichukuliwe wakati mmoja, mfano bei ya mwisho kabla ya kuanza. Mechi mia mbili zitakupa jibu lolote utakalo.

Mzee wa Vigawanyo

Hapo tumekubaliana bila masharti. Na Kibubu, ukikusanya, andika odi za pande zote mbili hata kama unafuatilia upande mmoja. Bila odi ya pili hutajua cha juu cha siku hiyo kilikuwa ngapi, na utachanganya masoko ya 4 na ya 9 kwenye kapu moja.

Kijana wa Benchi

Mechi 2,600?? Mimi narudi kwenye 1.25 zangu.

Kibubu Kavu

Nimeshaanza jedwali. Safu ya tarehe, odi A, odi B, cha juu, aliyeshinda. Swali moja la kuanzia: mchezaji akijitoa katikati ya mechi kwa kuumia, naiandika kama kushindwa au naiacha?

Zuhura wa Namba

Soma sheria za kampuni uliyochukulia odi, hazifanani. Zipo zinazorudisha dau mechi isipokamilika, zipo zinazolipa mradi seti moja imekwisha. Iandike jinsi ambavyo dau lingelipwa pale, na uweke safu ya sita ya kuonyesha alijitoa, ili tuweze kuzitoa zote baadaye tukitaka.